Notisi ya mkutano mkuu: tarehe 8 hadi tarehe 29 ni siku 21 au siyo?

#1 Katibu_Mgeni (Jumapili 9 Machi)

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, nina miezi mitano tu kwenye kiti. Tuko wanachama 412. Bodi ilipanga mkutano mkuu wa mwaka uwe Jumamosi tarehe 29 Machi. Masharti yetu yanataka taarifa ya maandishi itolewe "siku zisizopungua 21 kamili kabla ya mkutano". Jana, Jumamosi tarehe 8, nimepeleka barua zote posta. Nikapiga picha ya barua hiyohiyo nikaiweka kwenye kundi letu la wasapu.

Leo asubuhi kanipigia mwanachama mmoja mstaafu, kaniambia mkutano wangu ni batili hata kabla haujafanyika, eti nimekosa siku. Nimetoa 8 kwenye 29 nimepata 21. Nimekosea wapi?

Ajenda niliyotuma ni hii: kufungua mkutano, kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya bodi, hesabu zilizokaguliwa, marekebisho ya masharti, uchaguzi, mengineyo, kufunga.

#2 Hesabu_Nyepesi

29 toa 8 ni 21. Hujakosea. Wastaafu wana muda mwingi.

#3 Mzee_wa_Masharti

Hesabu_Nyepesi, jina lako linakufaa.

Katibu, kinachokubana hapo ni neno "kamili". Siku kamili ni ile ambayo mwanachama anaipata yote, toka inaanza mpaka inaisha, barua anayo na mkutano bado. Siku anayopokea barua si kamili, maana inaweza kumfikia jioni. Siku ya mkutano nayo si kamili, maana asubuhi yake ameshakaa ukumbini. Kwa hiyo unaanza kuhesabu tarehe 9 na unaishia tarehe 28. Hesabu kwa vidole, utapata 20. Umepungukiwa na siku moja.

Na hapo nimekuhesabia kana kwamba barua zilifika siku ileile ulipozituma. Fungua masharti, tafuta kifungu kinachosema barua ya posta inahesabiwa imefika lini, halafu urudi hapa.

#4 Mkongwe_wa_Foleni

Mimi nilitoa notisi yangu ya siku 60 mwaka jana mwezi wa nane, mpaka leo sijapewa akiba zangu. Kila nikienda naambiwa subiri mkutano mkuu. Sasa nyinyi mnazozana siku moja?

#5 Hesabu_Nyepesi

#4 hiyo ni notisi ya kujitoa uanachama, ndugu yangu. Hapa tunaongelea ya kuitwa kwenye mkutano.

Mzee, nakubali neno "kamili" lina kazi yake. Lakini masharti ya chama changu hayana hilo neno, yanasema "siku zisizopungua 14" basi. Kwetu basi kutoa kunatosha.

#6 Wakili_Mvivu

Usiwe na uhakika hivyo. Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, Hector Whaling, mwaka 1936. Pale maneno yalikuwa "isiyopungua siku 21", neno "kamili" halikuwepo. Mahakama ikasema siku ya kupokea na siku ya mkutano zote mbili hazihesabiwi. Ilikuwa kampuni, si ushirika, na si kila nchi inafuata hukumu za kule. Lakini hoja yake ni nyepesi kueleweka: ukisema "zisizopungua", umeahidi siku nzimanzima.

Katibu wa kawaida hahitaji kujua kesi. Aongeze siku mbili kwenye hesabu yake, alale usingizi.

#7 Fundi_Saa

Wakili na kesi zake za Waingereza, kila uzi lazima tuvuke bahari.

#8 Katibu_Mgeni

Mzee, shikamoo. Nimefungua masharti. Kifungu chenyewe: "Taarifa itatolewa kwa mkono, kwa posta, au kwa njia nyingine ambayo mwanachama ameiridhia kwa maandishi. Taarifa iliyotumwa kwa posta itahesabiwa kuwa imepokelewa saa 48 baada ya kuwekwa posta."

Sasa naanza kuogopa.

#9 Mzee_wa_Masharti

Marahaba. Ogopa kidogo tu. Umeposti Jumamosi tarehe 8, saa 48 zinakupeleka Jumatatu tarehe 10. Hiyo ndiyo siku yao ya kupokea, hata kama mwingine barua imemfikia leo na mwingine itamfikia wiki ijayo. Unaanza kuhesabu tarehe 11, unaishia 28. Siku 18. Mstaafu wako hakukuonea, tena amekuhurumia, maana amekuambia umekosa siku wakati umekosa tatu.

Ili mkutano uwe tarehe 29 kwa barua za posta, ulitakiwa uwe umeshaziposti tarehe 5. Kwa mkono, tarehe 7.

#10 Kizazi_cha_Simu

Lakini si ameweka wasapu siku hiyohiyo? Meseji inafika sekunde ileile, na alama mbili za buluu zinaonyesha nani kasoma. Huo ni ushahidi kuliko hata stempu ya posta. Kwa wasapu amepungukiwa siku moja, si tatu.

#11 Dada_Hazina

Kwa wasapu amepungukiwa na wanachama pia. Katibu, kundi lina watu wangapi?

#12 Katibu_Mgeni

Dada, wapo 260 hivi. Tena wengine si wanachama, ni watoto wa wanachama waliounganishwa kwa sababu mzazi hana simu ya kisasa.

#13 Dada_Hazina

Basi wanachama zaidi ya 150 hawajaiona. Na hao 260 nani aliridhia kwa maandishi kuitwa mkutanoni kwa wasapu? Kuungwa kwenye kundi si kuridhia.

#14 Kizazi_cha_Simu

Kubaki kwenye kundi miaka mitatu bila kutoka ni kuridhia. Nani asiyejua kutoka kwenye kundi?

#15 Wakili_Mvivu

Kifungu kinasema "kwa maandishi". Kukaa kimya si maandishi. Ila ninyi wenye vyama, wekeni kisanduku kwenye fomu ya uanachama: "Naridhia kupokea taarifa kwa namba hii." Sahihi moja, mjadala huu wote haupo.

#16 Kizazi_cha_Simu

Kwenye chama chetu tunatumia meseji za simu tangu zamani na hakuna aliyewahi kulalamika. Sheria inafuata watu.

#17 Wakili_Mvivu

Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeshindwa kura ya maana. Subiri mjumbe wa bodi aangushwe kwa kura tatu, utaona atakavyosoma masharti usiku huo.

#18 Mzee_wa_Masharti

#17 hapo umesema. Kasoro ya notisi hulala. Anayeiamsha ni aliyeshindwa.

Katibu, swali lingine. Barua umewatumia wote 412?

#19 Katibu_Mgeni

Nimetuma 403. Wale tisa wameomba kujitoa, wanasubiri kulipwa akiba zao. Mwenyekiti akasema hao wameshaaga, tusipoteze stempu.

#20 Mkongwe_wa_Foleni

NILISEMA MIMI. Wengine tunaambiwa tusubiri mkutano mkuu, na mkutano wenyewe hatuitwi!

#21 Wakili_Mvivu

Mkongwe, kumbe uzi huu ni wako. Samahani kwa waliokucheka.

Fundi_Saa anivumilie, tunavuka bahari tena. Kesi ya Musselwhite, 1962. Kulikuwa na wanahisa waliokuwa wameshauza hisa zao, ila majina yao yalikuwa bado kwenye daftari. Viongozi wakaona hao si wenzetu tena, hawakuwatumia taarifa. Kanuni za kampuni zilikuwa na kifungu kinachosema kusahau kumtumia mtu kwa bahati mbaya hakubatilishi mkutano. Mahakama ikakataa kinga hiyo: hawakusahauliwa, waliachwa kwa makusudi, kwa sababu tu viongozi waliielewa sheria vibaya. Mkutano ukaanguka.

Nenda kwenye daftari la wanachama. Kama majina ya hao tisa bado yapo na kamati haijaridhia kuondoka kwao, waandikie.

#22 Hesabu_Nyepesi

Lakini tisa kati ya 412 wangebadilisha nini? Kura zao hazifiki hata asilimia tatu.

#23 Mzee_wa_Masharti

Usihesabu kura tu. Mtu mmoja akisimama anaweza kugeuza ukumbi mzima. Nimewahi kumwona bibi mmoja, aliuliza swali moja tu kuhusu mkopo wa mjumbe, bodi nzima ikaanza kutafuta maji ya kunywa. Ndiyo maana anaitwa kila mmoja, hata aliyesema wazi kwamba hatakuja.

#24 Hesabu_Nyepesi

Sawa, lakini siyo kila kasoro inaua mkutano. Watu wakija 300, wakakaa, wakasaini mahudhurio, wakapiga kura, hakuna aliyepinga, wameshakubali. Mwenyekiti aulize mwanzoni: "Kuna anayepinga notisi?" Kimya. Katibu aandike kwenye muhtasari. Kwisha.

#25 Mzee_wa_Masharti

Wanaokubali ni waliopo. Aliyeonewa na notisi fupi ni ambaye hayupo, ambaye angekuwa na siku tatu zaidi angebadilisha zamu yake ya kazi akaja. Huyo humuulizi, hayumo ukumbini. Labda waje wote 412 na wote waridhie. Umewahi kuona chama ambacho wanachama wote wamekuja?

#26 Wakili_Mvivu

Mzee, hapo mimi na wewe hatukubaliani kabisa. Wapo majaji wanaouliza kwanza: kasoro hii imemuumiza nani, na matokeo yangekuwa tofauti? Siku moja pungufu, ajenda iko wazi, watu wamejaa, wengine hawatavunja mkutano kwa hilo. Wapo wanaosema notisi ni mlango, bila mlango hakuna nyumba. Nimeshakutana na wote.

#27 Mzee_wa_Masharti

Na wewe ukiwa katibu utajuaje utakutana na yupi? Bado ana nafasi ya kurekebisha, anarekebisha. Hoja ya "hakuna aliyeumia" ni ya mtu ambaye mkutano wake umeshapita.

#28 Fundi_Saa (Jumatatu 10 Machi)

Kabla hamjarekebisha tarehe, nami nina la saa. Chama chetu kilituma meseji: "Mkutano saa 10:00". Aliyeandika alikuwa anatazama saa ya simu, akimaanisha saa nne asubuhi. Nusu ya wazee wakaja saa kumi jioni, wakakuta wahudumu wanakunja viti. Uchaguzi umeshapita. Hawakuchelewa hata dakika moja, wao walisoma Kiswahili.

Mpaka leo tunabishana kama ule uchaguzi ulikuwa halali. Andikeni "saa nne asubuhi" kwa maneno.

#29 Dada_Hazina

#28 nimecheka kwa uchungu.

Mimi langu ni la hesabu. Mwaka mmoja kwetu notisi ilitoka mapema kabisa, siku zote zilitimia. Lakini barua ilisema "hesabu zilizokaguliwa zitagawiwa mkutanoni". Mkaguzi akachelewa, vitabu vikafika mlangoni siku hiyo, bado vina joto la mashine. Mwalimu mmoja akasimama akasema: kurasa 34 hizi mnataka nizipitishe kwa dakika kumi? Ukumbi ukamuunga mkono. Ajenda nyingine zikaendelea, ya hesabu ikaahirishwa wiki tano.

Sasa tatizo halikuwa hesabu peke yake. Gawio linatoka kwenye ziada, na ziada inathibitishwa na hesabu. Hesabu hazijapita, gawio huwezi kutangaza. Wiki tano nilipigiwa simu za matusi kana kwamba pesa nimezilalia mimi. Katibu, ambatanisha hesabu, au walau muhtasari wake, na useme kitabu kizima kinapatikana wapi na kuanzia lini.

#30 Katibu_Mgeni

Nakala za hesabu ninazo, mkaguzi amesaini. Hilo niko salama.

Nimeongea na mwenyekiti. Hasira zimempanda, anasema ukumbi umeshalipiwa. Ila amekubali tusogeze mbele. Tunaandika tu "mkutano umeahirishwa hadi tarehe fulani"?

#31 Kizazi_cha_Simu

Ndiyo. Meseji moja.

#32 Wakili_Mvivu

Pole pole. Bodi ikishaitisha mkutano, haina mamlaka ya kuuahirisha tu kwa kupenda kwake, isipokuwa masharti yameipa. Lipo jambo kama hilo liliamuliwa mwaka 1906, Paringa Mines (Fundi_Saa, usinitazame hivyo). Njia ya kawaida ni kufungua mkutano siku yake, halafu mkutano wenyewe uamue kujiahirisha.

#33 Hesabu_Nyepesi

Hapo nimekukamata. Mkutano unaoahirishwa ni ule ulioitwa sawasawa. Huu tumeshasema notisi yake ni mbovu. Kitu ambacho hakipo utakiahirishaje?

#34 Wakili_Mvivu

Umenikamata kweli. Sijajiandaa na hilo.

#35 Mzee_wa_Masharti

Ha! Hesabu_Nyepesi ameamka.

Mimi ningefanya hivi. Neno "kuahirisha" nisingeliandika kabisa. Bodi ikae leo au kesho, iandike azimio kwamba taarifa ya tarehe 8 imefutwa, na mkutano mkuu wa mwaka umeitishwa upya. Halafu taarifa mpya itoke ikisema wazi kwamba inafuta ile ya kwanza, asije mtu tarehe 29 akakuta mlango umefungwa. Tena hiyo tarehe 29 weka mtu mlangoni, maana atakuja tu mmoja.

Wakili atasema hilo nalo lina maswali. Yapo. Lakini ni machache kuliko ya kuendelea na notisi ya siku 18.

Masharti yenu yanataka mkutano ufanyike lini baada ya mwaka wa fedha kuisha?

#36 Katibu_Mgeni

Ndani ya miezi minne. Mwaka unaisha Desemba, kwa hiyo mwisho ni tarehe 30 Aprili. Mwenyekiti anataka Jumamosi ya kwanza ya Aprili, tarehe 5.

#37 Mzee_wa_Masharti

Inawezekana, ila huna nafasi ya kupumua. Hesabu kurudi nyuma. Mkutano tarehe 5, hiyo huihesabu. Siku kamili ya mwisho ni tarehe 4 Aprili. Siku nne za Aprili, zinabaki 17 za Machi: tarehe 31 kurudi mpaka 15. Kwa hiyo siku ya kupokea iwe tarehe 14, Ijumaa. Toa saa 48, uziposti Jumatano tarehe 12. Ukiposti Alhamisi, umerudi kulekule.

Chukua risiti ya posta yenye tarehe, na orodha ya majina uliyowatumia isainiwe na watu wawili. Siku ya ugomvi hutaulizwa ulituma lini. Utaulizwa uthibitishe.

#38 Hesabu_Nyepesi

Saa 48 kutoka Jumatano saa tisa alasiri ni Ijumaa saa tisa alasiri. Ijumaa imeshatolewa kwenye hesabu. Sawa, nimehakikisha. Mzee yuko sahihi (safari hii).

#39 Dada_Hazina

Hiyo ajenda ya "marekebisho ya masharti" mmeiacha hivyohivyo? Marekebisho gani?

#40 Katibu_Mgeni

Bodi inataka kima cha chini cha hisa kitoke 20 kiwe 50. Tulipanga kueleza siku ya mkutano, tusiwashtue watu kabla.

#41 Mzee_wa_Masharti

Katibu, hiyo "tusiwashtue" ni sababu tosha ya azimio kuanguka. Notisi kazi yake ni kumwezesha mtu kuamua aje au asije. Mwenye hisa 25 akisoma "marekebisho ya masharti" atadhani mnabadilisha nembo, atabaki nyumbani. Akisoma "hisa zitoke 20 ziwe 50", huyo atakuja, tena na jirani yake.

Badiliko la masharti ni azimio maalumu. Liandikwe lote neno kwa neno kama litakavyopigiwa kura, pamoja na kifungu linachogusa na kura inayotakiwa.

#42 Kizazi_cha_Simu

Na ukumbi ukisema 50 ni nyingi, tuweke 40?

#43 Wakili_Mvivu

40 ningekubali, iko ndani ya kilichotangazwa. Aliyebaki nyumbani alikuwa tayari kwa 50. Ukumbi ukisema 70, hapana, hilo hakuna aliyeonywa.

#44 Mzee_wa_Masharti

Mimi hata 40 nisingeiruhusu kwenye azimio maalumu. Kilichoandikwa kipite au kianguke. Kama ni 40, rudi mwakani na 40.

#45 Wakili_Mvivu

Mzee, utaitisha mikutano mpaka lini?

#46 Mkongwe_wa_Foleni

Na akiba zangu niziulize kwenye "mengineyo"?

#47 Dada_Hazina

Uliza, utajibiwa, lakini hapo hapapitishwi azimio linalokibana chama. "Mengineyo" ni ya kuuliza na kutangaza. Watu wengi wanadhani ndipo pa kupenyeza mambo: posho za wajumbe, kukopa nje, kumfukuza mtu. Ukitaka lipigiwe kura, andikia bodi mapema liingie kwenye ajenda. Masharti mengi yanatoa siku kadhaa kwa hilo, soma ya kwenu.

#48 Katibu_Mgeni (Jumanne 11 Machi)

Bodi imekaa jana usiku, azimio limesainiwa. Rasimu hii hapa, nisahihisheni leo maana kesho naposti:

"TAARIFA YA MKUTANO MKUU WA MWAKA. Wanachama wote mnaarifiwa kwamba Mkutano Mkuu wa Mwaka utafanyika Jumamosi, tarehe 5 Aprili, kuanzia saa nne asubuhi, katika ukumbi (jina na mahali). Taarifa hii inafuta ile ya tarehe 8 Machi. Mkutano uliotajwa humo, wa tarehe 29 Machi, hautafanyika.

Ajenda: 1. Kufungua mkutano na kuthibitisha akidi. 2. Kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, na yatokanayo. 3. Kupokea taarifa ya bodi na ya kamati ya usimamizi. 4. Kupokea na kujadili hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioisha Desemba 31, na kuamua mgawo wa ziada. 5. Kuteua mkaguzi wa nje. 6. Kupitisha makisio na ukomo wa madeni. 7. Kujadili na, ikiridhiwa, kupitisha azimio maalumu: 'Kwamba katika kifungu cha 9 cha masharti, tarakimu 20 ifutwe na iwekwe 50.' Azimio hili linahitaji theluthi mbili ya kura za wanachama waliohudhuria na kupiga kura. 8. Uchaguzi wa wajumbe wa bodi. 9. Mengineyo. 10. Kufunga.

Muhtasari wa hesabu umeambatanishwa. Kitabu kamili kinapatikana ofisini saa za kazi kuanzia leo. Kwa amri ya bodi, Katibu. Tarehe 12 Machi."

#49 Fundi_Saa

Saa umeandika vizuri, asante. Mwaka hujaandika. "Tarehe 5 Aprili" ya lini? Barua hii itakaa kwenye faili miaka kumi.

#50 Hesabu_Nyepesi

Umeongeza mkaguzi na ukomo wa madeni, havikuwepo kwenye ile ya kwanza. Kumbe hata siku zingetimia ungekopaje nje mwaka mzima?

#51 Katibu_Mgeni

Aliyenigutusha ni Dada Hazina, kaniandikia pembeni. Nilinakili ajenda ya mwaka juzi bila kuitazama.

#52 Mkongwe_wa_Foleni

Wale tisa umewaandikia?

#53 Katibu_Mgeni

Bahasha 412, Mkongwe. Zao nimeziandika za kwanza.

#54 Wakili_Mvivu

Namba 7 ongeza lini litaanza kutumika na mwenye hisa pungufu atapewa muda gani. Usipoweka, ukumbi utajadili hilo kwa muda wa saa mbili. Na kama masharti yenu yanaruhusu mtu kutuma mwakilishi, sema. Kama hayaruhusu, sema pia.

#55 Katibu_Mgeni (Jumatano 12 Machi)

Nimeongeza mwaka, tarehe ya kuanza, na kwamba hakuna kutuma mwakilishi. Asubuhi hii nimempelekea mstaafu nakala yake kwa mkono. Amesoma yote amesimama mlangoni. Tarehe akazihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaniuliza: "Namba 8, mnachagua wajumbe wangapi, na nafasi za nani?"

Ni watatu, wanaomaliza muda wao. Sijaandika.

#56 Mzee_wa_Masharti

Na fomu za kugombea zinarudishwa lini? Nami nimelipita jana. Huyo mstaafu msajilini mwanachama wa uzi huu.

#57 Hesabu_Nyepesi

Uchaguzi ni uchaguzi, kila mtu anajua wanaomaliza muda. Posti hivyohivyo, leo ndiyo siku ya mwisho.

#58 Dada_Hazina

Aliyejiunga mwaka jana anajuaje? Posta wanafunga saa ngapi huko?

#59 Katibu_Mgeni

Saa kumi jioni. Ya maneno, Fundi_Saa. Bahasha 140 nilikuwa nimeshazifunga. Ninazifungua.